Picha ya Mita Tatu

Mkaguzi hakuwa mkaguzi tena. Alikuwa amestaafu miaka minne nyuma, baada ya kukagua shule kwa miaka thelathini na mmoja, lakini jina lilikataa kustaafu pamoja naye. Majirani walimwita Mkaguzi, wapwa zake walimwita Mkaguzi, na yeye mwenyewe akipiga simu alianza kwa kusema, "Mkaguzi hapa." Akiingia nyumba ya mtu alipitisha kidole juu ya kabati kabla ya kuketi. Si kwa ubaya. Mkono ulishazoea.

Ndiye mtoto wa kwanza kwa baba yake, na ndiye aliyeitisha mkusanyiko wa ukoo mwaka huo. Watu sitini na mmoja walifika kwenye uwanja wa shule ya jirani, wakala, wakanywa, wakasalimiana na ndugu ambao hawakukumbuka majina yao. Jua lilipoanza kulainika, Mkaguzi akawapanga wote katika safu mbili ndefu kwa ajili ya picha: wazee mbele kwenye viti na vijana nyuma wima. Yeye mwenyewe alikataa kiti. Akasimama mwisho wa safu, upande wa kulia, ndani ya gauni la kijani ambalo alilinunua alipokuwa na kilo nane pungufu. Kando yake alisimama wifi yake, mke wa mdogo wake wa mwisho, mshonaji wa nguo, mwanamke mpole ambaye akiulizwa jambo hufikiri kwanza.

Mpiga picha alikuwa mkwe wake Mkaguzi, mume wa binti yake, mpima ardhi kwa kazi. Safu ilikuwa ndefu mno kuenea kwenye picha ya kawaida, kwa hiyo akaiweka simu yake kwenye picha pana, akaanza kuizungusha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayemwaga chai bila kutaka itoe povu.

"Msijitikise!" Mkaguzi alipaza sauti. "Vuteni pumzi! Kaeni hivyo hivyo!"

Akavuta pumzi yeye kwanza, kuwaonyesha mfano.

Jioni ile Mkwe akaituma picha kwenye kundi la familia simuni. Watu wakacheka sana, kwa sababu Kitindamimba, yule mdogo wake Mkaguzi, alionekana mara mbili. Alikuwa amesimama mwanzo wa safu. Simu ilipompita, akakimbia nyuma ya mpiga picha ili asimame karibu na mkewe, na simu ilipofika huko ikamkuta tena. Kwa hiyo waliohudhuria walikuwa sitini na mmoja, na pichani walikuwa sitini na wawili. Mkaguzi alihesabu mara tatu kabla hajakubali.

Baada ya kuhesabu akajitafuta mwenyewe. Kwenye kioo cha simu picha ile ilikuwa utepe mwembamba, na watu walikuwa kama punje za mtama zilizovishwa nguo. Akatanua kwa vidole viwili. Akajiona: kijani, wima, mwenye heshima zake. Akatanua zaidi. Pembeni yake akamwona Wifi.

Wifi alikuwa amebetua midomo. Ilichomoza mbele kama ya mtu anayemsonya mwenzake. Na mkono wake mmoja ulikuwa umepenya chini ya kwapa la Mkaguzi, vidole vimeng'ang'ania ubavu, kama mtu anayefinya nyama buchani na kuwaambia wateja, tazameni mafuta haya.

Mkaguzi akakumbuka sasa kwamba wakati wa picha alihisi kitu kikimgusa ubavuni. Alidhani ni kubanana tu. Kumbe!

Asubuhi akaandika kwenye kundi: "Naomba anayehusika ajieleze kuhusu alichokifanya pichani, upande wa kulia, safu ya nyuma."

Kila mtu akatanua picha. Kila mtu akaona kile alichoambiwa aone. Shangazi mmoja akasema ni kweli, midomo ile ina neno. Binamu akasema labda ni kivuli. Kitindamimba akaandika, "Dada, mke wangu hawezi kukufanyia hivyo. Pengine ni jua."

Mkaguzi akamjibu, "Mtu mwenye sura mbili pichani hawezi kuwa shahidi."

Wifi aliandika mara mbili tu siku nzima. Mara ya kwanza alisema, "Wifi, mimi sikukucheka." Mara ya pili Mkaguzi hakuiona kabisa, kwa sababu alikuwa akiandika mwenyewe, tena kwa herufi kubwa.

Ugomvi ukaenda siku tatu. Waliokuwa hawahusiki wakahusika. Mtu akafufua habari ya kitanda kilichoazimwa miaka kumi na moja iliyopita, mwingine akatoka kwenye kundi, akarudi baada ya robo saa kuona kama wamemsema. Mwishowe Mkaguzi akaamua jambo liende kwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yao, mzee wa miaka themanini na mbili ambaye hakuwa kwenye kundi kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kelele za kwake zilimtosha.

Ili mzee asikose hata neno, Mkaguzi akayapiga picha mazungumzo yote kwa ile njia ya simu kujisogeza yenyewe chini na kuunganisha kurasa zikawa picha moja ndefu. Siku tatu za matusi ya heshima, kwenye picha moja. Akamtumia Baba Mkubwa. Baada ya dakika mbili jibu likaja: "Nimeona. Inasikitisha sana. Una haki ya kukasirika. Njooni wote Jumamosi saa kumi."

Mkaguzi akaisoma mara nne kwa furaha. Hakujiuliza mzee wa miaka themanini na mbili amesomaje maneno ya siku tatu kwa dakika mbili.

Jumamosi asubuhi akaenda kwenye duka la uchapaji, chumba kimoja kirefu kilichonukia wino, chenye mashine ya mabango nyuma na mabunda ya karatasi yamesimamishwa kwenye kona kama wageni waliokosa viti. Mwenye duka alikuwa mwanaume wa makamo, miwani kichwani, ambaye watu walimwita Fundi Mabango.

"Nina kazi mbili," Mkaguzi alisema, akapitisha kidole juu ya kaunta. "Ya kwanza, mazungumzo. Nimeshakutumia. Nataka yote kwenye karatasi moja. Watu wayaone kwa jumla, asitokee mtu wa kusema nimechagua maneno."

Fundi akafungua picha kwenye kompyuta. Katikati ya kioo cheupe kikatokea kitu kama unywele.

"Mama, ni hiki?"

"Ni hicho."

"Sawa." Fundi hakuwa mtu wa kubishana na mteja asubuhi. Akakichapa. Karatasi ikatoka nyeupe pepe, na katikati yake mstari wa kijivu unaoshuka kutoka juu hadi chini, upana wake haufiki ukucha wa kidole kidogo.

Mkaguzi akavaa miwani. Akavua. Akasogea mlangoni penye mwanga.

"Maneno yako wapi?"

"Yamo humo, mama. Au tuseme yalikuwemo."

"Yalikuwemo yakaenda wapi? Hii ni mashine ya aina gani inayokula maneno?"

"Mashine haina kosa. Kaa nikuonyeshe." Fundi akamsogezea kiti. "Picha ya simu ni nukta nyingi nyingi, zimepangwa kama shanga. Herufi moja inahitaji nukta za kutosha ndipo iwe herufi. Sasa picha yako nadhani ilikuwa na urefu wa nukta thelathini na nane elfu, ila upana wake ni elfu moja na themanini tu, upana wa kioo cha simu. Ulipoituma, ile programu ya kutumiana ujumbe ikaona, aka, hii ndefu, ikaikunja. Urefu ukabaki nukta elfu moja na mia sita. Na ukipunguza urefu mara ishirini na nne, upana nao unapungua mara ishirini na nne, la sivyo picha itapinda. Tazama hapa: upana umebaki nukta arobaini na tano."

"Kwa hiyo?"

"Mstari wako mmoja una herufi thelathini na kitu. Ukiugawia nukta arobaini na tano, kila herufi inaondoka na nukta moja na chenji. Nukta moja haiwezi kuwa A, wala haiwezi kuwa B. Ni doa."

Mkaguzi, ambaye aliwahi kuifunga maktaba ya shule kwa sababu ya vumbi, akalitazama lile doa kwa muda. "Basi likuze."

"Nikilikuza nitapata doa kubwa. Kilichopotea kwenye kupunguza hakirudi kwenye kukuza. Ila usijali, ile ya asili bado iko simuni mwako. Lete tuichomeke kwa waya."

Ikachomekwa. Picha ya asili ikafunguka, na Fundi alipoisogeza ikashuka, ikashuka, ikashuka, maneno yanasomeka moja moja, mpaka akaona aibu akaangalia pembeni. Yalikuwa mambo ya watu.

"Hata hii nzima haitaenea kwenye karatasi moja, mama. Nikiibana kwenye karatasi tutarudi kwenye unywele. Tuikate vipande kumi na vinne, kila kipande na karatasi yake. Na kila kipande nitakianza kwa mistari miwili ya mwisho ya kile kilichotangulia, ili sentensi isikatwe shingo, na asiwepo wa kudai kuna kitu kimerukwa."

Jambo hilo lilimpendeza Mkaguzi. Lilikuwa na utaratibu. Karatasi kumi na nne zikatoka, bado zina joto. Akazipiga namba kwa kalamu yake nyekundu, akaanza kusoma kwa kuridhika kama mtu anayesoma ushindi wake. Kwenye karatasi ya pili alitabasamu. Kwenye ya tano akajishangaa kidogo: hivi kweli alimwita binamu yake "mzigo wa ukoo"? Kwenye ya tisa kalamu nyekundu ikasimama.

Kulikuwa na ujumbe wake mrefu wa herufi kubwa. Chini kulikuwa na mwingine wake, wa herufi kubwa pia. Na katikati ya hizo mbili, kama mtu aliyebanwa kati ya magunia, kulikuwa na mstari mmoja wa Wifi:

"Wifi, hili si la kusemea hapa mbele ya watu. Nipigie tuongee wawili tu, nakuomba."

Akausoma mara mbili. Uliandikwa siku ile ya kwanza, saa nne usiku.

"Fundi," alisema, sauti imeshuka, "kazi ya pili ni picha. Nataka uikuze hapa mwishoni, tuone huyu mtu anafanya nini."

Fundi akaifungua picha pana aliyoichukua Mkaguzi kutoka kwenye kundi. Akakuza. Kadiri alivyokuza, ndivyo Wifi alivyogeuka ukuta wa matofali: tofali la kahawia, tofali la waridi, tofali la kijani. Midomo ilikuwa matofali matatu.

"Nayo imekunjwa," Fundi alisema. "Picha pana ina ugonjwa uleule, ila huyu kalala na yule kasimama. Watu sitini wamegawana nukta elfu moja na mia sita. Uso mmoja umepata nukta kumi na nane. Mimi hapa siwezi kukuambia kama amenuna, anacheka, au anapiga mluzi."

"Lakini sote tulimwona amebetua midomo."

"Mliona matofali, mama. Midomo mliiweka wenyewe."

Angekuwa mwalimu ndiye aliyemwambia hivyo, Mkaguzi angemwandikia barua. Akampigia simu Mkwe.

"Mkaguzi hapa. Ile picha unayo bado?"

"Ninayo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nitumie sasa hivi."

Picha ikaja, Fundi akaifungua: matofali yaleyale. Akaomba simu. "Shemeji, umeituma kama picha, imekunjwa tena njiani. Itume kama faili. Eeh, kama unavyotuma barua ya kazi."

"Aa, nimekuelewa," Mkwe alisema upande wa pili. "Ni kama ramani ya kata nzima ukiichora kwenye kadi ya harusi. Mipaka yote inakuwa mpaka mmoja."

Safari hii ilichukua muda kuingia. Fundi akachemsha chai. Hatimaye faili ikafunguka: nukta elfu kumi na nne na mia mbili kwa upana. Fundi akaanza kushoto, alipokuwa Kitindamimba wa kwanza, akasogea taratibu kwenye safu. Ilikuwa kama kutembea mbele yao. Hapa shangazi aliyefumba macho. Hapa binamu, kijiko bado kiko mfuko wa shati. Wakafika mwisho wa kulia.

"Haya, mama. Ndiye huyu?"

Wifi hakuwa amebetua midomo. Alikuwa ameibana, na katikati ya midomo ile, ikimeremeta kwa jua, kulikuwa na pini kubwa ya kubania nguo, imelala kama mshonaji anavyoishika pini mikono yake ikiwa na kazi. Macho yake yalikuwa chini, yametoka kwa wasiwasi. Na vidole vyake havikufinya nyama yoyote. Chini ya kwapa la Mkaguzi, zipu ya gauni la kijani ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi kiunoni, na Wifi alikuwa amekamata kingo zake mbili kwa vidole vitatu, akizivuta zikutane. Hazikuwa zimekutana. Katikati ilionekana shimizi nyeupe, tena nyingi.

Mkaguzi wa pichani alikuwa amevuta pumzi, kidevu juu, anatazama mbele kama sanamu ya mtu maarufu.

Fundi akakohoa. Akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Anga lilikuwa jeupe.

Mkaguzi akabaki peke yake na kioo. Akakumbuka kwamba baada ya picha Wifi alimshika kiuno akamwambia, "Wifi kaa kidogo, umechoka," akamzungushia mtandio wake mwenyewe ubavuni, akapapasa papasa pale. Na jioni nyumbani gauni lilipokataa kutoka, alililaumu chakula cha mchana, akalivulia kichwani kwa nguvu, akalitupa kwenye kapu la nguo chafu. Akampigia binti yake, aliyekuja nyumbani kwake kumfulia.

"Nenda kwenye kapu. Litoe gauni la kijani. Angalia ubavuni, kwa ndani."

Simuni kukasikika kapu likipinduliwa. Kisha binti akasema, "Mama, kuna pini hapa. Imeshikizwa vizuri sana. Na zipu imekufa. Nani kafanya hivi?"

"Rudisha kwenye kapu," alisema Mkaguzi.

Fundi aliporudi alimkuta amekunja mikono. "Sasa mama, tuchape ya namna gani?" aliuliza kwa upole. "Nina njia mbili. Ya kwanza ni fremu ile ya ukutani, ya nusu mita. Picha nzima inaingia, urefu wake sentimita nane. Kila mtu yumo, hakuna anayeonekana vizuri. Zipu haitaonekana hata kwa tochi." Akagusa bunda kwenye kona. "Ya pili ni bunda la mabango. Mita tatu kwa nusu mita. Hiyo kila kitu kitaonekana."

"Kila kitu?"

"Shimizi ina maua madogo pembeni, mama. Na hayo yataonekana."

Mkaguzi akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Maisha yake yote alikuwa ameandika ripoti za makosa ya wengine na kuwasomea mbele ya wenzao. Mkuu wa shule mmoja aliwahi kulia. Nusu mita, alifikiri. Nusu mita na jambo litakwisha; atasema amesamehe, watu watamsifu kwa moyo mkubwa, na Wifi atanyamaza kama alivyonyamaza siku hizi zote, kwa sababu angejitetea kwa neno gani bila kumvua wifi yake nguo mbele ya ukoo mzima?

"Chapa mita tatu," alisema. "Haraka, kabla sijabadili nia."

Saa kumi walikuwa sebuleni kwa Baba Mkubwa: mzee mwenyewe kwenye kiti chake, Kitindamimba amenuna, Wifi pembeni yake mikono mapajani, Mkwe, na ndugu wengine kumi na kitu waliokuja, walivyosema, kumjulia hali mzee. Mkaguzi akaingia na bunda begani kama mtu anayehamia.

"Mkwe, shika huku. Kitindamimba, shika kule."

"Dada, mimi ni mshtakiwa au ni msumari?"

"Shika."

Picha ikafunguliwa kutoka dirishani hadi mlangoni. Watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja, kila mmoja akajikimbilia mwenyewe. Vidole vikaanza kuonyesha: huyu mimi, tazama huyu amelala, nani kavaa viatu tofauti? Kwa muda mkutano ulikuwa umesahaulika. Kisha shangazi mmoja, yule wa "midomo ile ina neno", akafika mwisho wa kulia, akainama, akaweka mkono mdomoni.

Mtu baada ya mtu wakamfuata, wakainama.

Mkaguzi akatoa karatasi mfukoni. Sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikitisha ofisi za walimu.

"Ripoti ya ukaguzi," alisoma. "Kosa la kwanza: zipu. Ilipasuka wakati mhusika akiwaamuru wenzake wavute pumzi. Kosa la pili: mhusika alimtuhumu hadharani mtu aliyekuwa akimsitiri. Kosa la tatu: mtu huyo aliomba kwa maandishi azungumze na mhusika faragha, saa nne usiku, karatasi namba tisa. Mhusika hakusoma, kwa kuwa alikuwa akipiga kelele. Mapendekezo." Akasita. Mapendekezo alikuwa hajayaandika. Akaikunja karatasi. "Wifi, nisamehe. Nimekukosea sana, na nimekukosea mbele ya watu wote."

Wifi akainuka haraka kama aliyechomwa. "Wifi jamani! Ulikuwa na haja gani ya kuileta kubwa namna hii? Si ungenipigia tu simu?"

"Nilikuchafua kwenye kundi. Nikusafishe chumbani?"

"Shimizi yako yote iko ukutani!"

"Ni shimizi safi," alisema Mkaguzi. "Wakague."

Kitindamimba ndiye aliyeanza kucheka, na kwa kuwa alikuwa ameshika picha, ukoo mzima ukatetemeka mikononi mwake. Shangazi akacheka mpaka akaketi sakafuni. Wifi alijaribu kujizuia kwa heshima, akashindwa, akajifunika uso kwa mtandio. Mkaguzi mwenyewe alicheka mwishoni, kwa shida, kama mlango usiofunguliwa mara kwa mara.

Vicheko vilipotulia, Kitindamimba akamgeukia mzee. "Lakini Baba Mkubwa, mimi nilikutumia mazungumzo yale, ukaniambia nina haki ya kukasirika."

"Hata mimi aliniambia hivyo," Mkaguzi alisema, akageuka polepole. "Maneno yaleyale."

Macho yote yakamwelekea Baba Mkubwa. Mzee akajiweka sawa kitini, akatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Wanangu," alisema, "mimi niliona uzi. Nilidhani umeanguka kwenye kioo cha simu. Nikaufuta kwa shati, haukutoka. Baadaye huyu naye akaniletea uzi wake. Sasa mtu mzima utasemaje? Nikiwaambia sioni, mtasema macho yamekwisha, mtaninyang'anya funguo za nyumba. Nikasema inasikitisha. Nikajua kwamba kwa ninyi lazima kuna kinachosikitisha."



Ikabaki hoja ya mahali pa kuiweka picha. Sebuleni haikutosha; dirisha lingemkata shangazi kichwa. Mmoja akapendekeza wakate ile sehemu ya mwisho yenye zipu, Mkaguzi akakataa katakata, akasema wa kukatwa labda ni Kitindamimba mmoja, na wapige kura ni yupi. Mwishowe Mkwe akapima ukumbi mwembamba unaoelekea vyumbani, akasema unachukua mita tatu na sentimita ishirini. Wakaibandika pale, usawa wa macho, na kila aliyekwenda chooni jioni ile alichelewa kurudi.

Jumatatu asubuhi simu ya Wifi ililia akiwa kwenye cherehani. Upande wa pili mtu alisafisha koo kwanza.

"Mimi hapa," sauti ilisema. "Wifi yako."

Wifi akazima cherehani. "Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimekaa tu. Nikawaza, miaka kumi na sita umeolewa kwetu, sijawahi kukuuliza ulijifunzia wapi kushona."

Wifi akafikiri kwanza, kama kawaida yake. Kisha akavuta kiti karibu na dirisha, akaanza kueleza habari za mama yake mdogo na mashine moja ya mguu iliyokuwa ikipiga kelele hadi mtaa wa pili. Mteja aliyekuja kuchukua suruali alisubiri barazani, akasubiri, mwishowe akaenda zake, akasema atarudi kesho.